Kwa nini bei hukimbia kuliko pesa zinazochapishwa

Swali: *Nina duka la mabati na misumari hapa Kamukunji. Kila mtu akitaja Zimbabwe anasema walichapisha pesa, lakini hesabu hainiingii. Ukichapisha pesa mara mbili, si bei zipande mara mbili tu? Mbona zilipaa kupita pesa zenyewe, na bado watu wakapiga foleni benki wakikosa noti? Na wakubwa waliokuwa wakiona nchi inaungua, mbona hawakuacha? Hapa kwetu je?*

Jibu: Hesabu yako ni sahihi, ila ina sharti moja ambalo halisemwi: kwamba watu wataendelea kukaa na pesa kwa muda uleule waliozoea. Sharti hilo likivunjika, maswali yako yote yanajibika kwa pamoja.

Angalia droo yako. Mauzo ya Jumatatu huenda yakakaa humo au kwenye simu mpaka Ijumaa ukalipe aliyekuletea bidhaa. Mshahara wa mwalimu unaingia mwisho wa mwezi na kuliwa polepole mpaka mwingine uje. Ukichukua watu wote wa nchi, unapata wastani wa siku ambazo shilingi moja hukaa kwa mtu kabla ya kwenda kwa mwingine. Wachumi huita jambo hili kasi ya mzunguko wa pesa. Mimi nitahesabu kwa siku, kwa sababu siku ndizo mtu anazoweza kuamua mwenyewe bila kumwomba yeyote ruhusa.

Tubuni nchi ndogo. Kila mwezi inauza bidhaa na huduma za shilingi bilioni 100, kwa bei za Januari. Shilingi hukaa siku 30 kwa kila mkono, kwa hiyo pesa zote zilizoko nchini ni bilioni 100 pia: kila moja inafanya mzunguko mmoja kwa mwezi. Serikali inatumia bilioni 20 na kukusanya ushuru wa bilioni 15. Kuna pengo la bilioni 5, na hakuna anayekubali kuikopesha. Basi benki kuu inaandika bilioni 5 kwenye akaunti ya serikali. Hiyo ndiyo "kuchapisha" kwenyewe. Mitambo ya noti hufuata baadaye, watu wanapokwenda kudai taslimu.

Mwezi wa kwanza pesa ni bilioni 105, bidhaa ni zilezile, bei zinapanda asilimia 5. Serikali imepata saruji, dawa na mishahara yake. Aliyelipa ni kila mtu aliyekuwa na pesa mkononi: elfu moja yake bado ni elfu moja, lakini inanunua kile ambacho 950 na ushei zilinunua mwezi uliopita. Huo ni ushuru kama ushuru mwingine, tofauti ni kwamba haukupita bungeni. Na kama kila ushuru, una kitu unachotozwa. Ushuru wa mafuta hutozwa kwenye lita zinazouzwa. Huu hutozwa kwenye thamani ya pesa ambazo wananchi wamekubali kukaa nazo. Ndiyo maana una udhaifu mkubwa: mtu anaweza kuukwepa kwa kutokaa na pesa.

Na anaukwepa kweli. Bei zikishaanza kupanda, mwalimu anaanza kununua unga wa mwezi mzima siku ileile ya mshahara. Wewe unalipia mabati Jumanne badala ya Ijumaa. Wastani unashuka kutoka siku 30 hadi 15. Hebu sasa rudia hesabu yako. Pesa ni bilioni 105, lakini kila shilingi inazunguka mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo madukani zinaingia kama bilioni 210, zikifuata bidhaa zilezile. Bei hazipandi kwa asilimia 5 tu, zinapita mara mbili ya bei za Januari. Hapo ndipo bei zinapoziacha pesa nyuma. Pesa zimeongezeka kidogo sana. Kilichobadilika ni muda wa watu kukaa nazo.

Sasa simama upande wa Hazina. Pesa zote za nchi, ukizipima kwa bei za Januari, zilikuwa na thamani ya bilioni 100. Leo, ingawa noti ni nyingi zaidi, zote pamoja zinanunua bidhaa za bilioni 50 tu. Pengo la bajeti halijapungua: saruji ni ileile, polisi ni walewale, bado inahitaji thamani ya bilioni 5. Kupata 5 kutoka kwenye 100 ilitosha kuongeza pesa kwa asilimia 5. Kupata 5 kutoka kwenye 50 kunahitaji asilimia 10 kwa mwezi. Watu wakiona asilimia 10, wanapunguza siku hadi 7; thamani ya pesa zote inashuka hadi kama bilioni 23, na serikali sasa inahitaji asilimia 21. Wakifika siku 3, thamani inabaki bilioni 10 na kinachohitajika ni asilimia 50 kwa mwezi. Wakifika siku 1, ni asilimia 150.

Soma tena mfululizo huo uone kitu kimoja: pengo halikuongezeka hata kidogo. Serikali ilitaka bilioni 5 zilezile mwanzo hadi mwisho. Ulioongezeka ni mwendo wa kuzitafuta, kwa sababu kila serikali ilipochapisha, watu walikimbia pesa zaidi. Kumbuka pia kwamba asilimia hizo ni za uchapishaji peke yake. Kila mara siku zinapopungua, bei zinaruka kivyake juu ya hapo.

Asilimia 50 kwa mwezi, ikipimwa kwa bei, ndiyo mstari ambao mchumi Mmarekani Philip Cagan aliuchora mwaka 1956, na mpaka leo ndio unaotumika kutenganisha mfumuko wa kawaida, hata ule mbaya, na mfumuko uliopindukia. Kwa kasi hiyo bei hujirudia mara mbili kila siku 52 hivi, na kitu cha shilingi 100 mwezi wa Januari kinauzwa karibu 13,000 mwaka ukizunguka. Cagan alionyesha pia kwamba ushuru huu una kilele. Ukipita mahali fulani, kuchapisha haraka zaidi kunaiingizia serikali thamani ndogo zaidi, kwa sababu watu wanakimbia upesi kuliko mitambo. Serikali iliyopita kilele hicho ingeweza kupata kiasi kilekile kwa mfumuko mdogo kuliko ilio nao. Lakini kurudi nyuma kunataka watu waamini kwanza, na hapo hakuna anayeamini.

Mpaka hapa nimejifanya kwamba ushuru wa bilioni 15 unaendelea kuingia salama. Hauingii, na hili linasahaulika mara nyingi watu wanapouliza kwa nini serikali hazikuacha.

Chukua tarehe unazozijua wewe mwenyewe. VAT ya mauzo ya Machi inalipwa KRA kufikia tarehe 20 Aprili. Tuseme tarehe 1 Machi umeuza bidhaa za 100,000, na VAT yake ni 16,000. Unazo siku 50 kabla ya kuziwasilisha. Nchi ikiwa kwenye mfumuko wa asilimia 50 kwa mwezi, zile 16,000 zikifika zinanunua kile ambacho 8,100 hivi zilinunua siku ulipouza. Nusu imeyeyuka njiani, na hujakwepa hata senti. PAYE ina nafuu: mshahara wa mwisho wa mwezi, ushuru tarehe 9, hasara ni kama asilimia 11. Salio la ushuru wa kampuni kwa mwaka ulioisha Desemba hudaiwa mwisho wa Aprili. Kufikia hapo bei zimepanda mara tano, kwa hiyo serikali inapata kama sehemu moja ya tano ya kilichokuwapo Desemba. Na hao ni walipaji waaminifu. Adhabu yetu ya kuchelewa ni asilimia 5 ya ushuru pamoja na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Katika mfumuko wa asilimia 50, adhabu ya namna hiyo ni zawadi, na kila mhasibu ataiona kabla ya serikali kuiona.

Jambo hili linajulikana kwa majina ya wachumi wawili, Julio Olivera wa Argentina na Vito Tanzi wa Italia. Lirudishe kwenye nchi yetu ya kubuni, pale watu walipofika siku 3. Nusu ya ushuru ikiyeyuka, makusanyo yanashuka kutoka 15 hadi 7.5, na pengo linapanda kutoka 5 hadi 12.5. Thamani ya pesa zote ni bilioni 10 tu. Serikali sasa inahitaji kuongeza pesa kwa asilimia 125 kwa mwezi. Kwa hiyo kuna mizunguko miwili inayosukumana: watu wanakimbia pesa, ndipo uchapishaji unaongezeka, uchapishaji unaongezeka, ndipo ushuru unayeyuka na pengo linapanuka, pengo likipanuka, uchapishaji unaongezeka tena.

Kuacha, basi, si suala la kufunga mtambo. Ni kukubali leo hii kutolipa askari, wauguzi na walimu wenye thamani ya bilioni 12.5, wakati mwaka jana kuacha kungegharimu bilioni 5. Kila mwezi wa kungoja unaongeza bei ya kuacha. Mwanasiasa aliyeshindwa kuilipa bei ndogo ni nadra kuilipa kubwa.

Kuna pia kosa la fikra ambalo limewapata watu wenye elimu kubwa. Ujerumani mwaka 1923, wakuu wa fedha walitazama thamani ya maki zote, pesa za nchi hiyo, zilizokuwa zikizunguka, wakaona imeshuka mno ikilinganishwa na kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Wakatoa hoja kwamba pesa ni chache, si nyingi, kwa hiyo uchapishaji hauwezi kuwa chanzo cha bei. Tarakimu zao zilikuwa sahihi, kwa sababu thamani hiyo hushuka kila watu wanapokimbia pesa. Tafsiri ndiyo iliyokuwa kichwa chini miguu juu. Rais wa benki kuu, Rudolf Havenstein, aliona kazi yake ni kuhakikisha noti zinatosha, na benki hiyo ikakodi zaidi ya viwanda 130 vya uchapaji nje ya vyake. Kufikia Novemba 1923 dola moja ilikuwa maki trilioni 4.2.

Hapo ndipo jibu la foleni za benki lilipo. Bei zikiziacha pesa nyuma, noti zilizopo hazitoshi kununua vitu vilivyopo, hata zijae magunia. Uhaba wa noti na wingi wa noti ni kitu kimoja, ukikitazama kwa thamani au kwa idadi.

Zimbabwe ilionyesha jambo hili waziwazi kuliko nchi yoyote ya karibu nasi. Mambo yalianza mbali: Novemba 1997 serikali iliahidi malipo makubwa kwa maveterani wa vita vya ukombozi bila kuwa na pesa, na siku moja ya mwezi huo dola ya Zimbabwe ilipoteza zaidi ya asilimia 70 ya thamani yake. Mwaka 1998 jeshi likaingia vita vya Kongo. Kuanzia 2000 mashamba makubwa yakachukuliwa kwa haraka, kilimo cha kuuza nje kikaanguka, ushuru ukaanguka nacho. Yaani pengo likapanuka wakati bidhaa zinapungua. Benki kuu chini ya Gideon Gono haikuishia kuikopesha Hazina. Yenyewe ilianza kugharamia matrekta, mbegu, mikopo nafuu na mashirika ya umma, nje kabisa ya bajeti. Mtu aliyesoma bajeti peke yake asingeuona ukubwa halisi wa pengo. Mstari wa Cagan ulivukwa Machi 2007.

Juni 2007 serikali iliagiza bei zikatwe kwa nusu, na wafanyabiashara waliokaidi wakakamatwa kwa maelfu. Wewe utaelewa kilichofuata kuliko waziri. Tuseme bati umelinunua 800, unaliuza 1,000, na bei zinapanda asilimia 50 kwa mwezi. Siku 20 baadaye bati hilohilo kiwandani ni 1,048. Kwenye kitabu umepata faida ya 200. Kwenye ghala umebakiwa na pesa zisizotosha kurudisha bati moja. Kwa hiyo mfanyabiashara anayetaka kuwa na duka mwezi ujao hupiga bei kwa gharama ya bati lijalo, si kwa gharama ya lile lililo mbele yake, tena anaongeza kidogo kwa kuwa hajui lijalo litakuwa kiasi gani. Huko kuongeza kidogo, kukifanywa na kila duka, ni sababu nyingine ya bei kutangulia pesa. Mwenye duka akilazimishwa kuuza kwa nusu bei, kila anachouza hakirudi rafuni. Rafu za Harare zilikuwa tupu ndani ya wiki chache, na bidhaa zikahamia uchochoroni kwa bei ambayo hakuna takwimu iliyoirekodi.

Mkopo wa dukani hufa mapema zaidi. Ukimpa fundi bidhaa za 10,000 alipe baada ya siku 30, kwa kasi hiyo unarudishiwa thamani ya 6,667. Ndiyo maana katika nchi hizo kila mtu huanza kudai taslimu, na taslimu ndiyo isiyokuwapo. Benki za Zimbabwe ziliwekewa kiwango cha kutoa kwa siku. Mara nyingi kiwango hicho kilikuwa hakifiki hata nauli ya kurudi nyumbani kwa aliyepanga foleni. Matokeo yake kitu kimoja kikawa na bei mbili dukani: ya noti, na ya hundi au uhamisho wa benki, ambayo ilikuwa juu mara nyingi zaidi kwa sababu muuzaji alijua pesa hiyo ataipata ikiwa imeoza. Tarehe 1 Julai 2008 kampuni ya Kijerumani Giesecke & Devrient iliacha kuipelekea Zimbabwe karatasi za noti, baada ya serikali ya Ujerumani kuibana. Mfumuko haukupungua kwa hilo. Tarakimu kwenye akaunti hazihitaji karatasi.

Takwimu rasmi ya mwisho ilikuwa ya Julai 2008: asilimia milioni 231 kwa mwaka. Baada ya hapo, wachumi Steve Hanke na Alex Kwok walitumia njia ya ujanja. Hisa za kampuni ya Old Mutual ziliuzwa Harare kwa dola za Zimbabwe na London kwa pauni. Hisa ni ileile, kwa hiyo kugawanya bei moja kwa nyingine kunakupa thamani halisi ya dola ya Zimbabwe siku hiyo. Kwa kipimo hicho, katikati ya Novemba 2008 bei zilikuwa zikijirudia mara mbili kila saa 24.7.

Dola ya Zimbabwe ilikatwa sifuri 3 Agosti 2006, sifuri 10 Agosti 2008, na sifuri 12 Februari 2009. Kati ya ule mkato wa pili na noti ya dola trilioni 100 ilipita miezi mitano na nusu hivi. Kukata sifuri kunasaidia kikokotoo na programu za benki, basi. Pengo la bajeti likibaki, sifuri zinarudi.

Mwisho ulikuja kwa wananchi kuiacha pesa yenyewe. Kufikia mwisho wa 2008 biashara nyingi zilifanywa kwa dola ya Marekani, randi na kuponi za petroli. Mwanzoni mwa 2009 serikali ikaruhusu rasmi kilichokuwa kikifanyika tayari. Waziri mpya wa fedha, Tendai Biti, alianza kuendesha bajeti ya mkono kwa mdomo: kinachoingia ndicho kinachotumika, na watumishi wa umma walianza kwa posho ya dola 100 za Marekani kwa mwezi. Bei, kwa dola, zilitulia, hata zikashuka kidogo mwaka huo. Walioumia kabisa ni waliokuwa na akiba na pensheni benki. Mwaka 2015 akaunti hizo zilipofungwa rasmi, aliyekuwa na dola za Zimbabwe hadi kwadrilioni 175, yaani 175 na sifuri 15 nyuma yake, alipewa dola 5 za Marekani.

Ujerumani ilipita njia nyingine, na inathibitisha hoja ya siku kuliko mfano wowote. Tarehe 15 Novemba 1923 ilitolewa pesa mpya, rentenmaki, moja kwa maki trilioni moja. Muhimu haikuwa jina bali vizuizi: taasisi iliyoitoa iliruhusiwa kuikopesha serikali bilioni 1.2 tu, na mwezi uliofuata serikali ilipoomba zaidi, ilikataliwa. Serikali ikaondoa kama robo ya wafanyakazi wake. Bei zikasimama. Na katika miezi iliyofuata kiasi cha pesa kiliendelea kuongezeka sana bila bei kupanda. Kwa hesabu ya shuleni hilo haliwezekani. Kwa hesabu yetu ni rahisi: watu walipoona pengo limezibwa, walianza tena kukaa na pesa wiki badala ya saa. Nchi inayotoka siku 1 kurudi siku 30 inahitaji pesa mara thelathini kuendesha biashara ileile. Ni mzunguko uleule ukirudi kinyumenyume.

Sasa hapa kwetu. Tulikaribia kuonja mwaka 1993, baada ya uchaguzi wa 1992 na sakata ya Goldenberg kumwaga pesa nyingi. Wastani wa mfumuko mwaka huo ulikuwa asilimia 46. Uliumiza, lakini uugawe kwa miezi: ni kama asilimia 3.2 kwa mwezi, mbali na 50. Ulizimwa kwa Benki Kuu kuuza hati za Hazina kwa riba iliyopita asilimia 70 kwa mwaka. Ilikuwa ghali kupita kiasi, lakini angalia maana yake: bado kulikuwa na watu waliokubali kuikopesha serikali kwa shilingi, na kukaa na karatasi ya shilingi kwa siku 91. Zimbabwe ya 2008 haikuwa na mtu wa namna hiyo kwa riba yoyote.

Leo kifungu cha 46 cha Sheria ya Benki Kuu ya Kenya kinaruhusu Hazina kuchukua ovadrafti isiyozidi asilimia 5 ya mapato ya kawaida ya mwaka wa karibuni uliokaguliwa. Pengo lililobaki sharti likopwe kwa wenye pesa, ndani au nje. Sheria inaweza kubadilishwa, kwa hiyo usiitegemee kwa macho yaliyofumba, fuatilia tarakimu. Kila Ijumaa Benki Kuu huweka kwenye tovuti yake taarifa ya wiki, Weekly Bulletin, yenye jedwali la deni la ndani la serikali. Humo kuna mstari wa ovadrafti. Ukiona mstari huo unakua mwezi baada ya mwezi bila kushuka, au Bunge linaombwa kupandisha ile asilimia 5, na papo hapo minada ya hati za Hazina inakosa wanunuzi hata riba ikipanda, hapo ndipo pa kuanza kuogopa. Katika takwimu za bei zinazotolewa na KNBS mwisho wa mwezi, usitazame mabadiliko ya mwaka pekee. Tazama ya mwezi kwa mwezi.

Mambo mengine yanayotisha watu hayahusiani na haya. Noti mpya zilizotangazwa Agosti 2024 zilikuwa toleo jipya lenye alama mpya za usalama, na noti inayochukua nafasi ya iliyochakaa haiongezi pesa hata kidogo. Dola ilipofika karibu shilingi 160 Januari 2024, wengi walisema tumekuwa Zimbabwe. Hofu ya wakati ule ilikuwa deni la nje la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni. Lilipopatiwa pesa ya kulilipa Februari, dola ikaanza kushuka na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa karibu 130. Ingekuwa ni uchapishaji, isingerudi.

Dukani kwako dalili zitatangulia takwimu. Bati kupanda bei halitoshi, kwa sababu chuma cha dunia na ushuru wa forodha hupandisha pia. Tazama muda: kiwanda kilichokuwa kikikupa bei ya wiki mbili kikianza kukupa bei ya siku hiyo tu, anayekuletea misumari akikataa kukukopesha hata siku saba, si kwa sababu hakuamini bali hakubali shilingi ya wiki ijayo, na wateja wakinunua mabati wasiyo na nyumba ya kuyaezeka. Hilo la mwisho hutaliona Kenya ya leo, na likianza utalijua siku hiyohiyo, maana mauzo yatakuwa mazuri ajabu na hutaweza kujaza ghala tena.